Sura ya Saba: Visanduku Vitupu

Chukua picha moja ya mtaani, ya mraba, yenye pikseli 640 kwa 640. Ndani yake kuna watu wawili wanaovuka barabara, baiskeli iliyoegemezwa ukutani na mbwa aliyelala. Kwingine kote ni lami, ukuta, anga na majani. Mtu akiitazama, macho yake huenda moja kwa moja kwa watu na mbwa. Hapotezi muda kujiuliza kama kile kipande cha anga kina mbwa ndani yake.

Kitambuzi cha aina ya RetinaNet hakina njia hiyo ya mkato. Hutandaza juu ya picha gridi tano, ya kwanza ikiwa na hatua ya pikseli 8, zinazofuata 16, 32, 64 na 128, na katika kila nukta ya kila gridi huweka visanduku 9 vyenye maumbo na ukubwa tofauti. Visanduku hivyo huitwa nanga. Gridi hizo tano zina nukta 6,400, 1,600, 400, 100 na 25, jumla 8,525. Zidisha kwa 9 upate nanga 76,725. Kila moja inadai jibu: hapa pana kitu au hapana?

Wakati wa kuifunza modeli, nanga huhesabiwa kuwa imeshika kitu ikiwa imelingana vya kutosha na kisanduku kilichochorwa na binadamu. Kipimo ni eneo ambalo visanduku viwili vinachangia, ukiligawanya kwa eneo lote vinalofunika kwa pamoja. Kikifika 0.5, nanga ni chanya. Kikiwa chini ya 0.4, nanga ni mandharinyuma. Zilizo katikati huachwa nje ya hesabu. Tuseme katika picha yetu nanga 50 zimekuwa chanya, na ili hesabu isitusumbue, tuzichukulie 76,675 zilizobaki kuwa mandharinyuma. Sura hii inahusu hizo 76,675, na jinsi zilivyokuwa zikiharibu masomo ya modeli bila yoyote kati yao kuwa na kosa kubwa.

Tatizo lilijulikana mapema. Vitambuzi vilivyoongoza kwa usahihi katikati ya miaka ya 2010, yaani R-CNN ya mwaka 2014 na warithi wake, vililikwepa kwa kufanya kazi kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilipitia picha na kuchuja, ikibakiza takriban sehemu 2,000 au pungufu zinazoelekea kuwa na kitu. Hatua ya pili ilijifunza kutokana na sampuli ndogo ya hizo, mara nyingi chanya moja kwa hasi tatu. Anga na lami vilikuwa vimeshatupwa nje. Vitambuzi vya hatua moja, kama YOLO na SSD, vilijibu maswali yote kwa mpigo mmoja. Vilikuwa na kasi, lakini usahihi wake ulibaki nyuma. SSD ilijaribu kujitetea kwa kuchagua hasi ngumu tu: baada ya kila mzunguko zilipangwa kwa ukubwa wa kosa, zikabakizwa tatu kwa kila chanya, na nyingine zote zikafutwa. Dawa hiyo ilisaidia, lakini ilikata kwa shoka. Nanga iliyokuwa ya nne kwenye foleni, pengine yenye somo zuri, ilipata sifuri sawa na kipande cha anga tupu.

Mwaka 2017 watafiti watano wa maabara ya akili bandia ya Facebook, Tsung-Yi Lin, Priya Goyal, Ross Girshick, Kaiming He na Piotr Dollár, waliliuliza swali hilo upya. Je, kinachozirudisha nyuma modeli za hatua moja ni muundo wake, au ni namna zinavyohesabiwa makosa? Jibu lao lilikuwa la pili, na ninaloliheshimu katika kazi hiyo ni kwamba walilithibitisha kwa kubadilisha kitu kidogo mno.

Kwanza tuone makosa yalivyokuwa yakihesabiwa. Hasara ya kawaida, entropia mtambuka, huangalia uwezekano ambao modeli imeupa jibu sahihi. Tuuite p_t. Ikiwa nanga ni chanya, p_t ni alama ambayo modeli imeitoa kwa kitu hicho. Ikiwa ni mandharinyuma, p_t ni 1 ukitoa alama hiyo. Hasara ni

```
CE(p_t) = -log(p_t)
```

na logi hapa ni ya msingi e. Modeli ikiwa na uhakika wa 0.99 kwamba kipande cha anga ni anga tu, hasara yake ni 0.01005. Ni kitu kidogo. Modeli hiyo inajua kazi yake, na mwalimu angeiacha iendelee na swali jingine. Lakini haba na haba hujaza kibaba: hasara hiyo ndogo ikirudiwa mara 76,675 inafika takriban 771. Sasa geukia nanga 50 zenye watu, baiskeli na mbwa. Tuseme modeli bado haijazijua, na imezipa 0.1 tu. Hasara ya kila moja ni 2.303, na zote 50 zinaleta 115. Kati ya hasara yote ya picha, karibu asilimia 87 inatoka kwenye vitu ambavyo modeli tayari inavielewa.

Kwa mafunzo yenyewe hali ni mbaya zaidi kuliko asilimia hiyo inavyoonyesha, kwa sababu kinachosogeza uzito wa mtandao ni gradienti. Ukipitisha alama kwenye sigmoidi, gradienti ya entropia mtambuka kwa kila nanga ni tofauti kati ya alama iliyotolewa na jibu linalotakiwa. Kila nanga rahisi inasukuma kwa 0.01, na kila chanya yetu ngumu kwa 0.9. Jumla ya misukumo ni takriban 767 dhidi ya 45. Msukumo wa kundi kubwa unasema jambo lilelile kila mara: punguza alama, hapa hapana kitu. Modeli inatii. Inajifunza kusema hapana kwa sauti zaidi na zaidi, na mbwa aliyelala anasahaulika pamoja na lami.

Mtu angefikiri suluhisho ni kuipa kila chanya uzito mkubwa na kila hasi uzito mdogo. Hilo lilikuwa likifanyika, na linasaidia kiasi. Kasoro yake ni kwamba linatenganisha chanya na hasi tu, wakati mpaka wenye maana uko kati ya rahisi na ngumu. Katika picha yetu kuna pia hasi ngumu: kivuli chenye umbo la mtu, au duara la tairi lililotupwa linalofanana na gurudumu la baiskeli. Hizo hatutaki zinyamaze. Ukipunguza uzito wa hasi zote kwa pamoja, unazipunguza na hizo.

Hasara ya fokasi inatatua hili kwa kuzidisha entropia mtambuka kwa kitu kimoja, ambacho modeli yenyewe inakitoa:

```
FL(p_t) = -(1 - p_t)^γ · log(p_t)
```

Kipengele `(1 - p_t)` ni umbali uliobaki kufikia jibu kamili. γ ikiwa 0, tunarudi kwenye hasara ya zamani. Waandishi walipata matokeo bora kwa γ = 2, na watu wengi wameibakiza hapo. Rudia hesabu yetu. Kipande cha anga chenye p_t ya 0.99 kimebakiza 0.01, ukiipandisha kipeo cha pili unapata 0.0001, kwa hiyo hasara yake inashuka mara elfu kumi, mpaka takriban 0.000001. Zote 76,675 kwa pamoja sasa zinaleta 0.077. Chanya ngumu zenye p_t ya 0.1 zimebakiza 0.9, kipeo cha pili chake ni 0.81, na hasara ya kila moja inashuka kidogo tu, kutoka 2.303 hadi 1.865. Zote 50 zinaleta 93. Uwiano umegeuka kabisa: mandharinyuma rahisi ilikuwa karibu mara saba ya vitu vyenyewe, sasa vitu ni zaidi ya mara elfu moja ya mandharinyuma hiyo.

Tuongeze hasi ngumu. Tuseme nanga 200 kati ya zile hasi, zile za kivuli na tairi, zina p_t ya 0.3, yaani modeli inaamini kwa 0.7 kwamba kuna kitu. Hasara yao ya kawaida ni 241. Kwa fokasi ni 118. Zimepungua kwa nusu tu, wakati jirani zao rahisi zimekaribia kutoweka. Hapakuwa na foleni wala mkato wa nani abaki na nani afutwe. Kila nanga imebaki kwenye hesabu, na nanga inayoanza kusahaulika hurudi yenyewe, kwa sababu p_t yake ikishuka uzito wake hupanda.

Waandishi walichora pia namna hasara inavyogawanyika ndani ya modeli iliyokwisha kufunzwa, wakichukua mamilioni ya nanga hasi na laki moja hivi za chanya. Upande wa chanya, kubadilisha γ hakukuathiri mgawanyo kwa kiasi kikubwa. Upande wa hasi, γ ilipopanda hadi 2, karibu hasara yote ilikusanyika kwenye sehemu ndogo ya nanga ngumu. Huo ndio ushahidi ninaouona mzito kuliko jedwali lolote la ushindani, kwani unaonyesha dawa inafanya kazi pale hasa palipouma.

Toleo linalotumika kazini lina namba ya pili, α, ambayo huzidisha hasara ya chanya, na `1 - α` huzidisha hasara ya hasi. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza. Kwa entropia mtambuka, α iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa 0.75, yaani chanya zilipewa uzito mara tatu ya hasi, kama mtu anavyotarajia kwa kundi dogo. Kwa hasara ya fokasi yenye γ = 2, iliyofanya vizuri ni 0.25. Kundi dogo linapewa uzito mdogo! Angalia tena hesabu yetu na mshangao utakwisha. Baada ya fokasi, hasi rahisi hazina sauti. Waliobaki mezani ni chanya zenye 93 na hasi ngumu zenye 118. Chanya 50 zinakaribia kulingana na hasi zote 76,675, na kila chanya moja inasukuma kwa nguvu kubwa mno. α ya 0.25 inarudisha kiasi. Ndiyo maana anayebadilisha γ bila kugusa α anajidanganya kwamba amejaribu kitu kimoja. Namba hizo mbili huenda pamoja: γ ikipanda, α hushuka.

Hata hivyo fomula peke yake haitoshi, na anayeinakili bila mambo mawili yanayofuata ataona modeli yake ikikataa kujifunza.

La kwanza ni mahali pa kuanzia. Mtandao mpya, uzito wake ukiwa karibu na sifuri, huipa kila nanga alama ya 0.5. Wakati huo hakuna nanga rahisi. Kila moja ya 76,725 ina hasara ya kawaida ya 0.693, na kwa kuwa COCO, mkusanyo wa picha uliotumika, una aina 80 za vitu na kila nanga huulizwa kuhusu kila aina, maswali ni zaidi ya milioni sita kwa picha moja. Fokasi yenyewe inapunguza kila hasara hadi robo yake tu pale p_t ni 0.5. Gradienti za hatua za mwanzo huwa kubwa kiasi cha kuvuruga mtandao. Waandishi walipojaribu entropia mtambuka bila kurekebisha mwanzo huu, mafunzo yalitawanyika kabisa.

Tiba yake ni mstari mmoja. Tabaka la mwisho lina namba inayoongezwa kabla ya sigmoidi. Badala ya kuianza na 0, iweke

```
b = -log((1 - π) / π)
```

na π iwe 0.01. Hiyo ni hasi ya logi ya 99, yaani -4.595. Ukiipitisha kwenye sigmoidi unapata 0.01 kamili. Modeli inaanza kazi ikiwa tayari inaamini kwamba vitu ni adimu, jambo ambalo ni kweli, na hasi zake nyingi ni rahisi tangu hatua ya kwanza. Kwa marekebisho hayo tu, hata entropia mtambuka ilifunzika na kufika 30.2 kwenye kipimo cha AP cha COCO, kinachokwenda kutoka 0 hadi 100. Ikiwa hasara yako inaruka hadi `nan` ndani ya hatua chache za mwanzo, angalia hapo kabla hujashusha kasi ya kujifunza.

La pili ni kigawanyo. Mazoea ya programu nyingi ni kuchukua wastani wa hasara zote. Hapa wastani huo ni sumu, kwani 93 ikigawanywa kwa nanga 76,725 inakuwa 0.0012, na mafunzo yanakuwa kama gari lililowekwa huru. RetinaNet hugawanya kwa idadi ya nanga chanya, 50 kwa picha yetu, na hasara inakuwa karibu 1.9. Hasi rahisi hazistahili kuhesabiwa kwenye kigawanyo, maana hazichangii chochote juu ya mstari. Na picha isiyo na kitu hata kimoja? Kigawanyo kingekuwa sifuri, hivyo huwekwa angalau 1:

```python
p = torch.sigmoid(x)
ce = F.binary_cross_entropy_with_logits(x, y, reduction="none")
p_t = p * y + (1 - p) * (1 - y)
a_t = 0.25 * y + 0.75 * (1 - y)
hasara = (a_t * (1 - p_t) ** 2 * ce).sum() / max(1, n_chanya)
```

`x` ni alama ghafi, kabla ya sigmoidi. Anayepitisha sigmoidi kwanza na kisha kuita kitendo hicho cha mstari wa pili anaipitisha mara mbili, na kompyuta haitalalamika. Modeli itajifunza vibaya tu, kimyakimya. Ili kujua kama umekosea, chapisha hasara ya chanya na ya hasi kando kando kila baada ya hatua mia hivi. Jumla moja huficha kila kitu nilichoeleza katika sura hii.

Matokeo yalikuwa wazi. Kwa mtandao wa msingi wa ResNet-50, entropia mtambuka iliyorekebishwa kwa α bora ilifika 31.1, na fokasi 34.0. Kwa ResNet-101, mbinu ya kuchagua nanga ngumu pekee ilifika 32.8 katika usanidi wake bora, na fokasi 36.0. Modeli kamili, kwenye picha za mtihani, ilipata 39.1, ikiipita Faster R-CNN ya hatua mbili yenye piramidi hiyohiyo ya sifa, iliyokuwa na 36.2. RetinaNet ilikusanywa kutoka kwa sehemu zilizokuwapo tayari. Hasara ndiyo iliyokuwa mpya.

Sasa tuje kwenye udhaifu wake, ambao unatokana na nguvu ileile. Fokasi inaamini kwamba kinachoikosesha modeli ni kigumu na kina somo. Lakini wakati mwingine modeli iko sahihi na lebo ndiyo iliyokosea. Tuseme nyuma ya ukuta kuna baiskeli ya pili, nusu imefichika, na aliyechora visanduku hakuiona. Modeli inaiona na kuipa 0.95. Kwa lebo, hiyo ni mandharinyuma, kwa hiyo p_t ni 0.05 na hasara ya fokasi ni 2.70. Chini ya entropia mtambuka, nanga hiyo moja ingekuwa na uzito wa vipande 298 vya anga. Chini ya fokasi ina uzito wa vipande zaidi ya milioni mbili na nusu. Lebo moja iliyosahauliwa sasa inazungumza kwa sauti kuliko picha nzima ya anga, na inachosema ni uongo.

Dalili yake hujitokeza kwenye mkusanyo wenye vitu vidogo vilivyosongamana, ambako wachoraji huchoka: modeli inaanza vizuri, kisha alama za vitu vya kweli zinashuka badala ya kupanda. Namna ya kuhakikisha ni ya mikono. Modeli ikishafunzwa kiasi, panga nanga zote za mandharinyuma kwa ukubwa wa hasara, chukua mia za juu, zikate kutoka kwenye picha na uziangalie kwa macho. Ukikuta vivuli na matairi, fokasi inafanya kazi yake. Ukikuta baiskeli, rekebisha lebo, au punguza γ hadi 1 wakati kazi hiyo inaendelea. Mwaka 2019 kundi jingine la watafiti lilipendekeza njia ya kutazama msongamano wa gradienti na kuzipunguzia uzito pia zile ngumu kupita kiasi, kwa sababu hiyohiyo.

Na si kila kitambuzi kinaihitaji. Joseph Redmon na Ali Farhadi waliijaribu kwenye YOLOv3 mwaka 2018 na usahihi ukashuka kwa takriban pointi 2. Walidhani, na naona dhana yao ina mashiko, kwamba modeli yao haikuwa na tatizo hilo kwa kiwango kilekile, kwa kuwa ina swali la pekee linalouliza kwanza kama pana kitu chochote, kisha ndipo aina za vitu huulizwa pale tu palipo na kitu. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha hasara, pima kwanza hasara ya modeli yako inatoka wapi: ni sehemu gani inaletwa na hasi zenye p_t inayozidi 0.9. Ikiwa sehemu hiyo tayari ni ndogo, fokasi itakuongezea namba mbili za kurekebisha na pengine isikupe chochote.